Nusu ukiongeza theluthi

*Swali la wiki: "Mdogo wangu wa darasa la tano akiona hesabu za sehemu tu, hufunga daftari na machozi yakamlenga. Nimsaidie vipi bila ya kumgombeza?"*

Muache alifunge. Kinachomtisha ni zile namba mbili zilizobebana. Anaziona kama hesabu mbili mbalimbali, kwa hiyo akipewa 1/2 + 1/3 anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapata 2/5, kisha anakutazama usoni ajue kama kapata. Hapo ndipo wakubwa wanapoharibu: akikosa wanamuuliza "umejuaje?", akipata wananyamaza. Baada ya siku mbili anajua kuwa swali hilo maana yake amekosa. Muulize hata akipata.

Mazungumzo yaende hivi:

– Mbili ya tano, dada.

– Haya. Mikate ya boflo mitano, nusu yake mingapi?

– Miwili na nusu.

– Basi miwili imefika nusu?

– Haijafika.

– Ulikuwa na nusu, ukaongezewa theluthi. Imekuwaje umerudi chini ya nusu?

Nyamaza, hata akikaa kimya muda mrefu. Jibu hana bado, lakini sasa analitilia shaka jibu lake mwenyewe, na hajaambiwa na mtu kuwa amekosa.

Ndipo ulete karatasi. Chapati haifai, maana kuikata mapande matatu sawa ni kazi hata kwa mtu mzima, na mapande yasipolingana somo limekwisha. Kata vipande vinne vyembamba, kila kimoja sentimita 12 kwa rula. Cha kwanza mgawe mara mbili, cha pili mara tatu, cha tatu mara nne, cha nne mara sita. Urefu uwe mmoja kwa vyote. Nusu ya karatasi fupi na theluthi ya karatasi ndefu hazijumlishiki.

Usimpe ile iliyogawiwa mara sita mwanzo. Mpe ya robo, apime. Nusu inaenea robo mbili sawasawa, lakini theluthi inapita robo moja kwa sentimita moja na haifiki ya pili. Mwache ahangaike nayo kidogo. Akichukua ya sita, nusu inaenea vipande vitatu, theluthi viwili. Vitano vya sita, na amevihesabu kwa kidole.

Sasa tu ndiyo mfungue daftari, umwambie kuwa ile sita ya chini inaitwa asili, na tano ya juu kiasi. Asili inataja ukubwa wa kipande, ndiyo maana haijumlishwi.

Robo saa kwa siku inatosha. Karatasi zina mwisho wake: 3/7 + 2/9 inataka vipande 63, na hapo hapana budi kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Kabla ya kufika huko mpe 1/3 + 1/4 kwa karatasi zile zile, bila ya kumwambia agawe mara ngapi. Akichukua rula akahesabu sentimita nne na tatu, akasema saba ya kumi na mbili, muulize: umejuaje?