Magnesiamu si dawa ya presha

"Dada yangu ana mimba ya wiki 34. Presha 164/112, kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Wamemchoma magnesiamu salfeti na hajaanguka kifafa. Ya nini, mbona presha bado iko juu?"

Pole, ndugu. Presha ya 140/90 au zaidi inayoanza baada ya wiki 20, bila protini kwenye mkojo wala kiungo kudhurika, ni presha ya ujauzito tu. Dada yako ameshavuka hapo. 160/110 kwenda juu, pamoja na kichwa na macho, ni pre-eklampsia kali, hata mkojo ukiwa safi. Akipata degedege ndipo inaitwa eklampsia, yaani kifafa cha mimba chenyewe.

Magnesiamu inatuliza ubongo ili degedege lisifike, au lisirudi kama limeshatokea. Presha haishushi kiasi cha kutegemewa, kwa hiyo ulizeni kama amepewa pia dawa ya presha, mfano labetalol, hidralazini au nifedipini. Hilo lisisubiri.

Muuguzi akimgonga goti kwa nyundo ndogo, msishangae: magnesiamu ikizidi, goti huacha kuruka kwanza, kisha pumzi hupungua. Mkojo nao hupimwa, maana dawa hutoka kwa figo. Ikizidi, huisimamisha na kumpa kalsiamu glukoneti.

Kinachoondoa ugonjwa ni kujifungua, ila degedege laweza kuja hata baada ya hapo, ndiyo maana magnesiamu huendelea saa 24 zaidi.