Moyo ukisimama: lini unashtuliwa kwa umeme, lini haushtuliwi

Kwenye filamu mstari ukinyooka wanapiga shoti na mgonjwa anaamka. Mbona mkufunzi wetu anakataza?

Shoti haiwashi moyo. Inazima kwa muda mfupi umeme uliovurugika, ili kituo cha asili kinachoongoza mapigo kipate nafasi ya kuanza upya. Ndiyo maana inafaa pale ventrikali zinapotetemeka ovyo bila kusukuma damu, au zinapokwenda mbio mno na mapigo hayasikiki shingoni. Mstari ulionyooka hauna mvurugiko wa kuzimwa. Ila usiuamini upesi: hakikisha nyaya hazijachomoka.

Monita ilionyesha mdundo mzuri tu, 120 kwa dakika, na bado daktari akaamuru kifua kikandamizwe. Kwa nini?

Bila shaka alishika shingo, akakuta hakuna mapigo. Monita inaonyesha umeme. Haijui kama damu inatembea.

Chukua mama aliyetoka kujifungua na anavuja damu nyingi. Umeme wa moyo wake unapita kwa mpangilio, lakini ventrikali hazina damu ya kutosha kusukuma. Shoti itarekebisha nini hapo? Anahitaji kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, adrenalini miligramu 1 mara tu mshipa unapopatikana, kisha kila dakika 3 hadi 5. Wakati huohuo uvujaji uzuiwe na aongezewe damu. Adrenalini bila kutibu chanzo haifiki mbali.

Chanzo kikibadilika, tiba nayo inabadilika. Aliyekosa kusafishwa damu kwa sababu ya figo huenda potasiamu imepanda, naye hupewa kalsiamu mshipani. Ambaye upande mmoja wa kifua hauingizi hewa, hasa baada ya ajali, huenda hewa imejibana nje ya pafu. Inabidi itolewe mara moja.

Na kwa mdundo unaoshtuliwa, adrenalini inangoja?

Inangoja. Shoti ndiyo ya kwanza, na kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya kufaulu. Mwongozo wa Ulaya huweka adrenalini baada ya shoti ya tatu, pamoja na amiodaroni miligramu 300. Wamarekani huanza adrenalini baada ya ya pili.

Kosa ninaloliona sana ni watu kupiga shoti kisha kusimama wakikodolea monita macho. Rudi kifuani papo hapo, ukandamize dakika 2, ndipo uangalie mdundo. Hata umeme ukitengemaa, moyo huo mwanzoni ni dhaifu.

Mashine ya kushtua ikisema shoti haihitajiki, si ina maana amepona?

La. Inasema tu haijaona mdundo wa kushtua. Kama hapumui kawaida wala hajitikisi, endelea kukandamiza na usibandue pedi: mashine itapima tena baada ya dakika 2, na mdundo unaweza kuwa umegeuka wa kushtuliwa.