Maswali na Majibu: Makala Zinazoleta Oda, Si Wasomaji Tu

Tunauza mbao Mafinga. Makala yetu ya "Faida za mbao za paini" inasomwa sana, lakini hakuna mkandarasi anayepiga simu. Tatizo ni nini?

Kichwa hicho kinamvuta mtu anayetaka kujifunza tu. Mkandarasi anayeezeka bwalo la shule Mbeya ameshaamua kununua paini. Anachohofia ni kuletewa mbao zilizopakwa rangi ya kijani badala ya zile zilizotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo. Mwandikieni makala ya namna ya kukagua mbao zenye dawa kabla hazijashushwa kwenye lori.

Mwonesheni kwa picha kwamba ubao ukatwe katikati, kwa sababu dawa hupenya nchani kwa urahisi na ncha inaweza kumdanganya mkaguzi. Ubao uliotiwa dawa sawasawa huonesha rangi iliyozama ndani ya mti laini wa nje, ilhali uliopakwa huwa na mstari mwembamba juu tu. Elezeni pia kwamba kiini cha mti hupokea dawa kidogo, hivyo weupe wa hapo peke yake hauthibitishi udanganyifu. Muuzaji anayesema hata hilo ndiye anayeaminiwa.

Mwishoni, badala ya "wasiliana nasi", andikeni: "Tutumie vipimo, idadi na mahali pa kushushia, tukuandalie profoma." Mtu mwenye kazi mkononi anayo orodha hiyo tayari.

Tukiweka bei, washindani wataiona. Tuifiche?

Msiifiche. Mshindani anaweza kuipata kwa simu moja, lakini afisa ugavi anayeandaa makisio atawapita akikosa pa kuanzia. Wekeni bei ya kipimo kimoja ikiwa kiwandani, pamoja na tarehe yake, kisha mweleze jinsi ukubwa, dawa na nauli ya lori vinavyoibadilisha.

Nitajuaje ni makala ipi iliyomleta mteja?

Kila makala iwe na kiungo chake cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, na namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimesoma%20ukaguzi%20wa%20mbao
```

Anayebonyeza huukuta ujumbe huo umeshaandikwa, naye akiutuma mnajua alikotoka. Wapo watakaopiga simu moja kwa moja, kwa hiyo anayepokea aulize mteja ameipata wapi namba. Katika daftari la mauzo, andikeni jina la makala, kama mteja alileta orodha ya mbao, kama alipewa profoma, na kama alinunua. Makala yenye wasomaji wachache inayoleta orodha za mbao mnastahili kuiendeleza kuliko ile inayosomwa na wengi bila swali la bei. Msiihukumu mapema, kwani mkandarasi huweza kukaa na profoma yenu wiki kadhaa akisubiri malipo ya awali ya mradi.