Katuni yangu inateleza ikitembea

“Nimegeuza picha ya mdogo wangu kuwa katuni, nikachora fremu 8 za kutembea. Kwenye gemu anarukaruka na miguu inateleza.”

Ndugu, anarukaruka kwa sababu umekata kila fremu ukifuata ukingo wa mwili. Zipange zote kwenye visanduku sawa, tuseme pikseli 64 kwa 64, kichwa na kiuno vikae katikati ileile na unyayo uliokanyaga uguse mstari mmoja. Safu nzima itakuwa 512 kwa 64.

Kuteleza ni hesabu tu. Unyayo ulio chini urudi nyuma pikseli zilezile kila fremu. Ukirudi 4, na gemu inaonyesha fremu 10 kwa sekunde, msogeze pikseli 40 kwa sekunde. (Mimi lilinila wiki nzima hilo!) Mguu wa mbali utie giza kidogo, usichanganyike na wa karibu.