Uliza hali mlangoni kwanza

Swali la wiki: "Jirani yangu amejifungua, nataka kwenda kumwona kwa mara ya kwanza. Niwaambie nini mama na baba wa mtoto, na niende na nini?"

Mimi ni wa Mikindani. Kwetu mwanamke aliyejifungua anaitwa mzazi mpaka atoke arobaini, na tukibeba vifurushi vyetu tunasema tunakwenda kumwona mzazi. Hatusemi tunakwenda kumwona mtoto. Kwa hiyo wa kwanza kusalimiwa ni yeye, na mgeni mdogo anafuata.

Ila usimrukie mzazi na hongera kabla hujajua hali ya ndani. Mwaka jana nilipata habari kuwa binti mmoja wa Chikongola, aliyekuwa na mimba ya mapacha, amejifungua. Nikafunga doti ya kanga, mche wa sabuni na kilo 2 za sukari, nikaondoka na kigelegele mdomoni. Uani nikamkuta bibi yake anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzazi hajambo?"

Aliweka ungo chini. "Hajambo. Mgeni tunaye mmoja."

Mwenzake alikuwa amezikwa jana yake. Nilimeza kigelegele changu, nikaingia, nikamshika mzazi mkono: "Pole, mwanangu, na hongera. Mungu akupe subira kwa aliyetangulia, na huyu amkuze." Alilia kidogo, kisha mwenyewe akamfunua mtoto uso ili nimwone. Hatujakaa sawasawa, akaja jirani mwingine anapiga vigelegele tangu njiani: "Wako wapi mapacha wetu?" Hakujibiwa na mtu. Hakuwa na ubaya wowote yule mama, ni kwamba alimpita bibi pale uani bila kumuuliza.

Ndiyo maana nauliza "Mzazi hajambo?" na siulizi "Amepata nini?" Swali la kwanza mwenye nyumba anaweza kulijibu kwa namna yoyote, la furaha au la msiba. Ukijibiwa "Hawajambo wote", hapo piga vigelegele vyako mpaka mtaa wa pili usikie.

Ukiingia kwa mzazi mwenye heri zake, sema: "Pole kwa uchungu, na hongera. Mungu amkuze." Atakujibu, "Nimeshapoa, asante." Vijana wa siku hizi wanabaki na hongera peke yake, kama vile kafaulu mtihani. Mimi pole siiachi, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji. Huyo umfuate alipolala, asihangaike kuinuka kukupokea. Na usimuulize kwa nini hakuzaa kwa njia ya kawaida. Swali hilo ameshaulizwa na kila aliyekutangulia.

Baba utamkuta barazani, na mara nyingi watu wanampita kama mlinzi wa geti. Mpe mkono: "Hongera, baba. Mungu akupe nguvu za kumlea." Waislamu wana dua yao, na maana yake ni kwamba Mungu akubariki katika ulichopewa, umshukuru Mpaji, mtoto afikie utu uzima na ujaaliwe wema wake. Ukiisema hata kwa Kiswahili, mwenyewe ataitikia amina. Lile la "wa kike tena?" liache nyumbani kwako. Nimeona mwanamume akiinuka barazani kwa sababu yake.

Kwa mtoto, tanguliza "Mashallah" kabla hujasema ana nywele nyingi au amenona, maana wazee wanaogopa kijicho. Jirani zangu Wakristo wanasema "Mungu ambariki", na yanatosha. Jina usilishikilie kulijua mapema. Nyumba nyingi za Kiislamu zinasubiri siku ya 7, siku ya akika. Uliza tu, "Mgeni wetu analala?" Nawa mikono, subiri upewe mtoto, usimbusu. Ukiwa na mafua, tuma salamu na kifurushi, wewe baki kwako.

Kuhusu cha kubeba, sabuni haikosei, kwa sababu nguo za mtoto zinafuliwa kila siku. Doti ya kanga nayo inafaa: upande mmoja atafunikwa, mwingine atabebewa. Kama mmezoeana, pika uji wa pilipili manga uupeleke kwenye chupa ya chai. Maziwa ya kopo usipeleke hata kwa nia njema. Miezi 6 ya mwanzo mtoto ni wa maziwa ya mama tu, na kopo lako mzazi atalisoma kuwa umemwona hana maziwa ya kutosha. Ukitaka kutoa pesa, mpe bibi, au iweke chini ya mto wa mtoto useme "ya sabuni hiyo".

Halafu usikae. Mimi nikimwona bibi anapita na beseni la maji ya moto ya kumkanda mzazi, nakamata kanga yangu, naaga.