Vitamini E ya 400: majibu kwa wasomaji wangu

Daktari, nina miaka 58, tezi dume inanisumbua. Nimeuziwa vitamini E ya 400, kimoja kila siku. Nimeze? (Kondoa)

Usimeze. Anayekuuzia ameishia katikati ya hadithi. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya Ufini: wanaume 29,133 wavuta sigara, waliopewa E walimeza miligramu 50 kwa siku. Utafiti ulilenga mapafu, na mapafu hayakupata nafuu. Ila saratani ya tezi dume ilipungua kwa karibu theluthi. Hapo ndipo wafanyabiashara walipofunga daftari.

Watafiti hawakufunga. Marekani na Kanada walichukua wanaume zaidi ya 35,000, safari hii tezi dume ndiyo iliyolengwa, na dozi ikawa yuniti 400, hiyohiyo uliyouziwa. Vidonge vilisimamishwa 2008 kwa kukosa faida. Walipoendelea kuwafuatilia, mwaka 2011 hesabu ikawa hivi: katika kila wanaume 1,000, kwa miaka saba, waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani walipata saratani ya tezi dume 65, waliomeza E, 76. Dozi tofauti, watu tofauti, jibu likageuka. Nawe kama mkojo unakatika au unaamka mara nne usiku, nenda ukapimwe.

Mbona zamani tulisoma kwamba inalinda moyo? (Area C, Dodoma)

Kwa sababu waliochunguzwa walikuwa wamejichagulia wenyewe. Anayenunua vitamini kwa hela yake mara nyingi havuti sigara, anafanya mazoezi, anapima presha. Moyo wake ungekuwa salama hata bila kidonge. Watafiti walipowagawa watu kwa bahati nasibu, faida ikayeyuka: katika jaribio kubwa lililotoka mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na yuniti 400 hazikupunguza shambulio la moyo wala vifo. Walipofuatiliwa zaidi, moyo kushindwa kazi kukaonekana zaidi kwa waliomeza E.

Beta karotini je? Navuta sigara mbili tu kwa siku. (Manyoni)

Hapana. Katika utafiti uleule wa Ufini wengine walipewa vidonge vya hii rangi ya karoti, navyo viliongeza saratani ya mapafu kwa asilimia 18. Karoti kula. Sigara mbili nazo ni sigara.

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. E si dawa, ni lishe tu, au sio? (Mpwapwa)

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. E ya dozi kubwa huzidisha kutokwa damu kwa anayetumia warfarini. Ukiona fizi zinavuja au choo cheusi, nenda hospitali leo, na kopo la vidonge ulibebe.

Basi na alizeti yetu tuiache? (Singida)

Nani kasema? Kijiko cha mezani cha mafuta ya alizeti kina kama miligramu 5.6 za E, na mtu mzima anahitaji 15 kwa siku. Kidonge cha 400 cha kiwandani ni sawa na miligramu 180. Kuifikia kwa mafuta ungekunywa vijiko 32, karibu nusu lita. Mboga yako ya mlenda haitakufikisha huko.