Mshale ukizuka ngazi ya chini, rudi ngazi ya juu

Unayeanza kuchora michoro ya mtiririko wa data, kazi itakayokusumbua ni kuzifanya ngazi zikubaliane. Tuchukue mfumo wa stoo ya duka dogo.

Mchoro wa muktadha una mchakato mmoja tu, namba 0, "Mfumo wa stoo", uliozungukwa na mteja, msambazaji na mwenye duka. Hifadhi za data hazionekani hapa kwa sababu ziko ndani ya mfumo. Tuseme kati ya mfumo na msambazaji umechora mishale miwili: oda inatoka, hati ya mzigo inaingia. Maboksi yenyewe huyachori, kwani mshale hubeba data tu.

Ngazi ya 1 inaufungua mchakato 0: 1 Rekodi mauzo, 2 Pokea mzigo, 3 Agiza bidhaa, 4 Andaa ripoti. Hifadhi nazo zinajitokeza: D1 Bidhaa, D2 Mauzo, D3 Oda. (Wengine huiita hii ngazi ya 0, kwa hiyo muulize mwalimu au bosi wako anahesabu vipi.) Mchakato wa 2 unapokea hati ya mzigo, unasoma oda kutoka D3, kisha unapeleka idadi iliyopokelewa D1.

Sasa ufungue mchakato wa 2. Ndani yake kuna 2.1 Linganisha hati na oda na 2.2 Ongeza idadi. Ujaribu kwa namba: oda ilikuwa katoni 40, hati inasema 36. Hizo 36 zinakwenda 2.2, halafu D1. Nne zilizopungua ziende wapi? Lazima msambazaji ajulishwe, kwa hiyo unaongeza 2.3 Andaa taarifa ya upungufu, yenye mshale unaotoka kwenda kwake.

Wengi huishia hapo, na mchoro unabaki na kasoro. Mshale huo haupo kwenye mchakato wa 2 wa ngazi ya 1, wala kwenye mchoro wa muktadha. Rudi ukauchore kotekote, kwa jina lile lile. Kama juu umeandika "hati ya mzigo" na chini "risiti", msomaji atadhani ni vitu viwili.

Kukagua ni rahisi: funika yaliyomo ndani ya mchoro wa 2, hesabu mishale inayovuka mpaka wake, ulinganishe na inayogusa duara la 2 huko juu. Kwa mfano wetu ni minne: hati, oda, idadi iliyopokelewa na taarifa ya upungufu. Mishale kati ya 2.1 na 2.2 au 2.3 haihesabiwi, ni ya ndani.

Je, 2.2 nayo ifunguliwe? Mimi nisingeifungua. Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: tafuta bidhaa kwa namba yake ndani ya D1, jumlisha idadi iliyopokelewa na iliyopo, hifadhi. Iandikie maelezo hayo, uhamie mchakato wa 3.